Kutoka Kijitabu cha Bima hadi Mwongozo wa Mfanyakazi: Kuvuna Vikomo, Vipindi vya Kusubiri na Mambo Yasiyolipiwa

Kijitabu cha bima ya matibabu ambacho kampuni ya bima humkabidhi mwajiri nchini Kenya hupangwa kwa kufuata sura za mkataba: kwanza jedwali la mafao, kisha fasili za maneno, kisha masharti ya jumla, kisha orodha ya mambo yasiyolipiwa, na mwishoni, pengine katika karatasi zilizobanwa baadaye, nyongeza za mkataba zinazobadilisha baadhi ya yaliyotangulia. Mfanyakazi hana swali lolote linalofuata mpangilio huo. Anachouliza huhusu tukio: mke wake atajifungua mwezi wa Aprili, je, nani atalipa, kiasi gani, na katika hali gani hatalipiwa kabisa? Jibu la swali hilo moja limetawanyika katika kurasa nne au tano zilizo mbali, na afisa wa rasilimali watu anayetaka kuandika mwongozo mwepesi hana budi kuzikusanya kurasa hizo kwanza kabla hajaandika sentensi hata moja ya mwongozo wenyewe. Miongozo mingi ya ofisini inapotosha kwa sababu mwandishi alinakili jedwali la mafao, akaliremba kwa rangi, akaamini kuwa kazi imekwisha, ilhali jedwali ndilo linalotaja kiasi huku kurasa nyingine zote zikieleza ni lini kiasi hicho hakitatolewa.

Makala haya yanafuata fao moja, la uzazi, tangu linapovunwa katika kijitabu hadi linapoandikwa katika ukurasa wa mwongozo. Uzazi umechaguliwa kwa sababu ndani yake hukutana karibu mitego yote ya mafao mengine: kikomo kilichomo ndani ya kikomo kingine, kipindi cha kusubiri kinachohesabiwa kwa tarehe zaidi ya moja, na mtu mpya, yaani mtoto, anayezaliwa kabla jina lake halijaingizwa katika orodha ya wanaolipiwa. Takwimu za kijitabu zitakazotumika ni za mfano tu, ingawa zimewekwa katika viwango vinavyofanana na vile ambavyo waajiri wa ukubwa wa kati hununua.

Kazi huanza kwa kukusanya nyaraka, na hapa lipo jambo ambalo waandishi wengi wa miongozo hulisahau. Kijitabu chenyewe kwa kawaida ni muhtasari. Hati inayoifunga kampuni ya bima ni mkataba uliotiwa saini pamoja na jedwali lake na nyongeza zake. Mwajiri anapaswa kuomba kwa dalali wa bima, au kwa kampuni yenyewe pale ambapo hakuna dalali, nakala kamili ya mkataba wa mwaka unaoendelea, nyongeza zote zilizotolewa tangu siku ya kuanza, na barua ya makubaliano ya bei ambayo mara nyingi huwa na ahadi zilizotolewa wakati wa mazungumzo. Nyongeza ya mkataba ni ukurasa unaobadilisha sharti fulani kwa mwajiri huyo pekee, na hutangulia maneno ya kawaida ya kijitabu kwa kuwa imetolewa baadaye na kwa ajili ya kundi hilo. Pasipo nyongeza hizo mwongozo unaweza kuwanyima wafanyakazi haki waliyokwisha kulipiwa, au kuwaahidi haki iliyoondolewa miezi sita iliyopita. Katika kipindi hiki upo pia ukaguzi mdogo wa tarehe: kijitabu ambacho bado kinamtaka mgonjwa aonyeshe kadi ya NHIF kimepitwa na wakati, kwa sababu tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko huo umerithiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na makato ya asilimia 2.75 ya mshahara ghafi huenda huko. Kasoro hiyo si ya jina tu, kwani vijitabu vingi huweka sharti kwamba sehemu ya bili ya kulazwa ilipwe kwanza na mfuko wa umma, na mfanyakazi asiyejisajili huachiwa sehemu hiyo ailipe mwenyewe.

Nyaraka zikishapatikana, afisa huunda daftari la uvunaji, ambalo ni jedwali la kawaida la kompyuta lenye mstari mmoja kwa kila tukio na si kwa kila fao. Tofauti hiyo ina uzito. Fao ni “uzazi”. Matukio ni kliniki ya wajawazito, kujifungua kwa njia ya kawaida, kujifungua kwa upasuaji, mimba kuharibika, mtoto njiti kulazwa, na mama kurudi hospitalini kwa maambukizi wiki mbili baadaye, na kila moja kati ya hayo linaweza kuwa na jibu lake. Katika kila mstari huandikwa kiasi cha juu, kiasi hicho ni cha mtu mmoja au cha familia nzima, ni cha mwaka au cha tukio, kimo ndani ya kikomo kipi kikubwa zaidi, muda wa kusubiri na siku unapoanza kuhesabiwa, hali ambazo malipo hayatolewi, na namba ya ukurasa wa kila jibu. Katika hatua hii maneno ya mkataba hunakiliwa kama yalivyo, herufi kwa herufi, bila kurahisishwa. Anayerahisisha mapema hujikuta amefanya uamuzi wa kisheria bila kujua, kwa mfano anapoandika “watoto wanalipiwa” mahali ambapo mkataba unasema watoto hadi umri wa miaka 18, au hadi 25 iwapo ni wanafunzi wa muda wote wenye barua ya chuo.

Kwa kijitabu cha mfano, afisa anayetafuta uzazi angekuta haya. Ukurasa wa 4, katika jedwali la mafao, kikomo cha kulazwa ni shilingi 1,000,000 kwa familia kwa mwaka, na chini yake uzazi umeandikiwa shilingi 150,000 “ndani ya kikomo cha kulazwa”. Ukurasa wa 9, katika fasili, uzazi umeelezwa kuwa ni kliniki za ujauzito, kujifungua kwa njia yoyote, na matatizo yote yanayotokana na mimba. Ukurasa wa 14, katika masharti ya jumla, uzazi hulipiwa baada ya miezi kumi tangu mwanachama alipoandikishwa. Ukurasa wa 17 unataka mtoto mchanga aandikishwe ndani ya siku 30 tangu kuzaliwa. Ukurasa wa 21, katika orodha ya mambo yasiyolipiwa, zimo gharama za mtoto ambaye hajaandikishwa. Na mwishoni kabisa ipo nyongeza inayosema kwamba wafanyakazi na wategemezi waliokuwapo siku mkataba ulipoanza, tarehe 1 Januari 2025, wameondolewa kipindi cha kusubiri cha uzazi. Aliyesoma jedwali la mafao peke yake amepata moja tu kati ya majibu sita.

Katika vikomo, kinachowapotosha wasomaji zaidi ya vyote ni uhusiano wa kikomo kimoja na kingine. Kikomo cha ndani ni kiasi cha juu kinachoruhusiwa kwa jambo fulani, lakini fedha zake hutolewa katika kikomo kikubwa na kukipunguza. Kikomo cha pekee husimama kando na hakigusi kingine. Kijitabu kinaweza kuonyesha tofauti hiyo kwa maneno mawili tu, “ndani ya” au “zaidi ya”, na wakati mwingine kwa kusogeza mstari kidogo kulia katika jedwali bila kusema lolote. Pale ambapo mpangilio wa mistari ndio ushahidi pekee, afisa hana ruhusa ya kukisia. Familia iliyotumia shilingi 150,000 za uzazi katika mfano huu imebakiwa na shilingi 850,000 za kulazwa kwa baba, mama na watoto wote hadi mwisho wa mwaka, na mwongozo unaoorodhesha shilingi 1,000,000 na shilingi 150,000 katika mistari miwili iliyo sawa huwafanya wasomaji wazijumlishe, jambo ambalo ni la kawaida kwa yeyote anayesoma orodha.

Fasili ya ukurasa wa 9 nayo huficha hesabu. Kwa kuwa kliniki za ujauzito zimeingizwa katika maana ya uzazi, bili za kliniki hazitolewi katika kikomo cha matibabu ya kutwa, yale ambayo mgonjwa hutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, kama ambavyo mama mjamzito angetarajia. Hutolewa katika shilingi 150,000 zilezile za kujifungua. Mama aliyetumia shilingi 8,000 kwa vipimo na kliniki, kisha akajifungua kwa upasuaji ulioleta bili ya shilingi 210,000, amebakiwa na shilingi 142,000 tu za kulipia upasuaji huo, na familia hutakiwa kutoa shilingi 68,000 kabla ya kuruhusiwa kuondoka hospitalini. Mwongozo ulioandikwa bila kusoma fasili ungewatayarisha kwa shilingi 60,000. Kadhalika maneno “matatizo yote yanayotokana na mimba” yana maana kwamba hata upasuaji wa dharura wa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, ambao ni hatari kwa uhai na kwa kawaida huhesabiwa na wagonjwa kuwa ni kulazwa kwa kawaida, umefungwa katika kikomo kidogo cha uzazi. Baadhi ya mikataba huuweka upande wa kulazwa. Huu wa mfano hauuweki, na mwongozo lazima useme hivyo waziwazi.

Kuhusu SHA, swali la afisa ni la mpangilio wa makato. Ikiwa mfuko wa umma hulipa sehemu yake kwanza na kikomo cha bima kikafuata kwa kile kilichobaki, familia hunufaika kwa fedha zote mbili; ikiwa kampuni ya bima huhesabu mchango wa SHA kuwa ni sehemu ya kikomo chake, mchango huo hauiongezei familia chochote. Mkataba mara chache hulisema jambo hili kwa ufasaha, kwa hiyo huulizwa kwa maandishi.

Kipindi cha kusubiri ni muda ambao mtu tayari ameandikishwa, na mwajiri tayari anamlipia, lakini fao fulani bado halijafunguka kwake. Sababu yake ni ya kibiashara na inaeleweka: bila muda huo mtu angejiunga baada ya kujua kwamba ana mimba au anahitaji upasuaji, na kampuni ingelipa tukio lililo hakika badala ya lile linaloweza kutokea au kutotokea. Ndiyo maana uzazi hupewa miezi kumi, ambayo inazidi kidogo muda wa ujauzito, na ndiyo maana ajali kwa kawaida haziwekewi muda wowote. Kwa makundi makubwa kampuni nyingi hukubali kuondoa vipindi hivi, lakini uondoaji huo aghalabu huwahusu waliokuwapo siku ya kwanza, na aliyejiunga baadaye hubaki chini ya kanuni ya kawaida. Mwongozo unaotangaza kwamba kampuni haina kipindi cha kusubiri, kwa sababu tu nyongeza inasema hivyo kwa waanzilishi, humdanganya kila mfanyakazi mpya.

Kwa hiyo afisa hutafuta tarehe tatu na kuzitenga: siku mkataba wa mwajiri ulipoanza, siku mfanyakazi alipoandikishwa, na siku kila mtegemezi alipoandikishwa. Ichukuliwe familia ya mfano. Mfanyakazi aliajiriwa na kuandikishwa tarehe 1 Machi 2025, akafunga ndoa, na mke wake akaandikishwa tarehe 1 Juni 2025. Anayejifungua ni mke, na kwa mujibu wa ukurasa wa 14 miezi kumi huhesabiwa tangu mwanachama alipoandikishwa. Swali la kwanza ni kama neno “mwanachama” katika kijitabu hicho linamjumuisha mtegemezi au linamaanisha mfanyakazi peke yake. Fasili zikisema kwamba mwanachama ni mtu yeyote aliyetajwa katika orodha, muda wa mke huanza tarehe 1 Juni 2025, hukamilika tarehe 31 Machi 2026, na fao hufunguka tarehe 1 Aprili 2026. Muda huo umevuka siku ya kuhuisha mkataba, tarehe 1 Januari 2026. Kampuni ikiwa ileile, kwa kawaida hesabu huendelea. Mwajiri akihamia kampuni nyingine, kuendelea kwa hesabu hutegemea kama kampuni mpya imekubali kwa maandishi kupokea miezi iliyokwisha kutumikiwa. Afisa anayeandika mwongozo wakati wa uhamisho huo ndiye mtu wa mwisho mwenye nafasi ya kuidai barua hiyo kabla mgonjwa hajaihitaji.

Swali la pili ni gumu zaidi na hukosewa hata na wazoefu: ni nini hasa kinachopaswa kutokea baada ya miezi kumi? Sharti linalosema kwamba kujifungua kutokee baada ya miezi kumi linatofautiana sana na lile linalosema kwamba mimba iwe imetungwa baada ya miezi kumi. Mke wa mfano ana matarajio ya kujifungua tarehe 20 Aprili 2026, yaani mimba ilitungwa mwishoni mwa Julai 2025. Kwa sharti la kwanza atalipiwa, kwani tarehe 20 Aprili iko baada ya tarehe 1. Kwa sharti la pili hatalipiwa hata shilingi, na mtoto wa kwanza ambaye familia hiyo ingeweza kulipiwa ni yule ambaye mimba yake imetungwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2026, ambaye angezaliwa mwishoni mwa Desemba 2026, karibu miezi kumi na tisa tangu mama alipoandikishwa. Mwongozo unaosema tu “subiri miezi kumi” ni sahihi kwa masharti yote mawili na haumsaidii mtu katika lolote kati yao.

Hata kwa sharti la kwanza lipo pengo ambalo linapaswa kuandikwa. Kliniki zote za kabla ya tarehe 1 Aprili ziko nje ya malipo, kwa kuwa nazo ni uzazi kwa mujibu wa fasili. Na mtoto akizaliwa kabla ya wakati, tuseme tarehe 25 Machi, siku 26 kabla ya tarehe iliyotarajiwa, kujifungua kumetokea ndani ya kipindi cha kusubiri na bili ya mama hurudi kwa familia yote. Mtoto naye huenda ana kurasa zake: ikiwa jedwali lina kikomo cha watoto njiti, kwa mfano shilingi 200,000 ndani ya kulazwa, haifuati moja kwa moja kwamba kikomo hicho nacho kimefungwa kwa sababu uzazi umefungwa, wala haifuati kwamba kimefunguka. Suala hilo huenda katika orodha ya maswali kwa kampuni ya bima, na hadi lijibiwe mwongozo haupaswi kulitaja kana kwamba limeamuliwa.

Mambo yasiyolipiwa ndiyo sehemu ambayo wafanyakazi huilalamikia baadaye na ambayo waandishi wa miongozo huifupisha zaidi, kwa kuwa ni ndefu na inachosha. Njia nzuri ya kuivuna ni kuuliza kwa kila kipengele kama jambo hilo halilipiwi kamwe, halilipiwi hapa kwa kuwa lina mlipaji mwingine, au hulipiwa sharti fulani likitimizwa. Upasuaji wa kurembesha mwili kwa kawaida haulipiwi kamwe, ila kurekebisha uso ulioharibiwa na ajali iliyotokea wakati bima inaendelea huweza kulipiwa. Sentensi ya mkataba huanza kwa kukana, ikaendelea kwa “isipokuwa”, na msomaji mwenye haraka huishia kwenye kukana. Majeraha ya kazini mara nyingi huwekwa katika orodha hii kwa sababu yana njia yake chini ya Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kwa kifupi chake cha WIBA, na mwajiri huwa ana bima tofauti kwa ajili hiyo. Kuandika “majeraha ya kazini hayalipiwi” bila kutaja njia hiyo humfanya fundi aliyekatwa kidole na mashine aamini kwamba hana pa kwenda, na pengine aseme hospitalini kuwa aliumia nyumbani, jambo ambalo litamharibia madai yake yote mawili.

Mengine yasiyolipiwa hayamo katika orodha kabisa. Yamejificha katika fasili, kama vile fasili ya hospitali inayoondoa nyumba za mapumziko na vituo vya tiba asilia, au katika nyota ndogo chini ya jedwali, kama vile fremu za miwani kulipiwa mara moja kila miaka miwili, au katika taratibu, kama vile kulazwa kusiko kwa dharura kuhitaji idhini ya awali, ambayo ni kibali cha kampuni kinachotolewa kabla ya mgonjwa kupokelewa. Kukosa idhini hakuitwi popote kuwa ni jambo lisilolipiwa, ingawa matokeo kwa mgonjwa ni yaleyale.

Hutokea pia jedwali na orodha vikapingana. Mfano wa kawaida ni wa maradhi ya akili: jedwali linayapa shilingi 100,000 ndani ya kulazwa, na kurasa kumi na saba baadaye orodha inayataja miongoni mwa yasiyolipiwa, kwa sababu orodha ilinakiliwa kutoka kijitabu cha zamani. Huenda kipo kipengele kinachosema jedwali hushinda, na mara nyingi maneno “isipokuwa yaliyotajwa katika jedwali” yamewekwa juu kabisa ya orodha ambako jicho halitui. Kisipokuwapo, afisa huiandikia kampuni barua pepe, akinukuu kurasa zote mbili, na jibu huhifadhiwa pamoja na mkataba. Jibu la simu halitoshi, kwa kuwa aliyelitoa huenda hayupo mwaka ujao wala hana mamlaka ya kubadilisha mkataba.

Baada ya hayo ndipo uandishi huanza, na ukurasa wa uzazi katika mwongozo unaweza kuwa mfupi ajabu ukilinganishwa na kazi iliyoutangulia. Kwa kijitabu cha mfano, na baada ya kampuni kuthibitisha kwamba kinachohesabiwa ni siku ya kujifungua, ungesomeka hivi:

“Bima hulipa hadi shilingi 150,000 kwa mwaka kwa uzazi wa familia yako. Kiasi hiki ni cha kliniki, kujifungua kwa njia yoyote na matatizo ya mimba, hata iliyotunga nje ya mji wa mimba, vyote kwa pamoja, na hupunguza shilingi 1,000,000 za kulazwa za familia. Kama anayejifungua aliandikishwa tarehe 1 Januari 2025, hakuna kusubiri. Aliyeandikishwa baadaye husubiri miezi kumi tangu siku jina lake lilipoingizwa. Akienda kliniki au akijifungua kabla ya hapo, hata kwa dharura, bima hailipi bili yake. Mtoto aandikishwe ofisini ndani ya siku 30 tangu kuzaliwa. Akichelewa, gharama zake hazilipwi. Kurasa za 4, 9, 14, 17, 21 na nyongeza ya mwisho.”

Maneno madogo katika ukurasa huo yamebeba uzito mkubwa. “Hadi” humkumbusha msomaji kwamba kiasi ni dari. Mwongozo unaosema “utapata shilingi 150,000” umewafanya baadhi ya watu waulize fedha zilizobaki watachukua wapi. Neno “bure” halina nafasi popote. Kitenzi “hailipi” kimeachwa kikiwa kikavu, kwa kuwa “huenda isilipe” humwachia msomaji tumaini ambalo mkataba haukumpa, ingawa pale ambapo mkataba wenyewe unaiachia kampuni uamuzi, “huenda” ndilo neno la haki. Namba za kurasa hubaki ili yeyote asiyeridhika aende kwenye chanzo, na mwanzoni mwa mwongozo huandikwa kwamba panapotokea tofauti mkataba ndio unaofuatwa. Tangazo hilo halimpi mwandishi ruhusa ya uzembe: mfanyakazi aliyepanga fedha zake kwa kuamini karatasi ya mwajiri wake ana haki ya kulalamika, hata ikiwa kampuni ya bima haina kosa.

Kabla ya kusambazwa, rasimu hujaribiwa kwa watu ambao hawakushiriki kuiandika, na inafaa wachaguliwe katika kada mbalimbali, dereva, mhasibu, mlinzi, kila mmoja akipewa visa vilevile vichache vyenye tarehe na bili, kikiwamo kile cha mtoto wa tarehe 25 Machi, na kutakiwa aandike familia italipa shilingi ngapi. Kuwauliza kama wameelewa hakuna maana, kwani karibu kila mtu hujibu ndiyo. Majibu yao yakitofautiana na ya daftari la uvunaji, sentensi husika huandikwa upya. Yakifanana yote lakini yakatofautiana na jibu la kampuni ya bima, kasoro iko katika uvunaji na lazima kurasa zirudiwe. Visa hivyo hutungwa tu: habari za ugonjwa wa mfanyakazi halisi, hata zikiwa zinajulikana na ofisi nzima, ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na hazitumiwi kuwa mfano.

Mwongozo hupewa tarehe ya kuanza na ya kuisha kutumika, sawa na za mkataba, zikiwa juu ya kila ukurasa na si kwenye jalada pekee, kwa sababu kurasa hupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa wenzi wa ndoa bila jalada. Mkataba unapohuishwa, afisa hafungui kijitabu kipya kwa kukisoma upya chote. Huchukua daftari la uvunaji la mwaka uliopita na kukagua mstari mmoja baada ya mwingine dhidi ya kurasa mpya, akiweka alama penye badiliko. Badiliko linalohitaji uangalifu zaidi ni la kikomo kilichopandishwa, kwa kuwa mikataba mingine huhesabu nyongeza hiyo kuwa fao jipya lenye kipindi chake cha kusubiri: uzazi uliopanda kutoka shilingi 150,000 hadi 200,000 tarehe 1 Januari 2026 unaweza kuendelea kulipa 150,000 kwa miezi kumi zaidi hata kwa mama aliyekwisha kusubiri. Mstari huo huandikwa katika karatasi moja ya mabadiliko inayotolewa wiki ileile ambayo nakala za zamani zinabanduliwa kwenye mbao za matangazo.